Kukata skrinshoti ya majira ya maji ikae sawa kwenye posti na slaidi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila wiki natuma picha ya kupwa na kujaa kwa maji kwa kikundi chetu cha mwani, huku kaskazini ya Pemba. Naipata kwenye programu ya simu, napiga skrinshoti, naikata, kisha inakwenda sehemu mbili: posti ya Instagram na grupu la WhatsApp, na slaidi tunapokuwa na semina. Walimu wa skuli na vijana wa vikundi vyengine wamekuwa wakiniuliza mambo yale yale, basi nimeyaweka hapa pamoja. Mfano nitakaoutumia ni huo huo wa maji, lakini hesabu yake inafanya kazi kwa skrinshoti yoyote.

Uwiano ni nini hasa, na una tafauti gani na ukubwa?

Uwiano ni umbo la picha: upana ukilinganishwa na urefu wa kwenda chini. Picha ya 1:1 ni mraba. Ya 4:5 imesimama kidogo, kila sehemu 4 za upana zina sehemu 5 za urefu. Ya 16:9 imelala, ndiyo umbo la slaidi nyingi za siku hizi na la televisheni. Ya 9:16 ndiyo hiyo hiyo imesimamishwa, nayo ni ya stori na status.

Ukubwa ni idadi ya pikseli, yaani zile nukta zinazounda picha. Picha ya pikseli 1080 kwa 1350 na ya 540 kwa 675 zote ni 4:5, ila ya pili ina robo tu ya nukta za mwenzake. Ukizikuza zilingane, maandishi ya ile ndogo yanaonekana kama yana ukungu.

Hesabu ya kukumbuka ni moja. Ukijua upana, uzidishe kwa namba ya pili ya uwiano, kisha gawa kwa ya kwanza. Upana wa 1080 kwa 4:5 ni 1080 × 5 ÷ 4, sawa na 1350. Ukijua urefu, unafanya kinyume chake.

Skrinshoti yangu ni ndefu mno. Kwa nini haiingii popote?

Kwa sababu simu yenyewe ni ndefu. Simu nyingi zilizoko mikononi mwetu zina kioo cha 1080 kwa 2400, na za bei nafuu 720 kwa 1600. Zote mbili ni 9:20. Hakuna posti ya kawaida wala slaidi yenye umbo hilo. Ukichukua ya 1080 kwa 2400 na kutaka 4:5, unabaki na 1350 kati ya 2400, yaani unaachia karibu nusu ya picha. Ukitaka 16:9 bila kuigeuza simu, unabaki na kipande cha urefu wa 607 tu, robo ya picha.

Kwa hiyo swali la kwanza si "nikate vipi" bali "kitu gani lazima kibakie". Jibu hilo uwe nalo kabla ya kugusa kitufe cha kukata, na ikiwezekana kabla ya kupiga hiyo skrinshoti.

Nitajuaje kipi lazima kibakie?

Hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo nilipokosea mimi, na kosa lenyewe halikuonekana kwenye picha.

Wiki moja nilikata picha ya maji kwa 4:5 na ikatoka nzuri sana: mchoro wa mawimbi katikati, saa nne za maji chini yake, pambizo sawasawa. Ili itoshe, niliondoa mstari wa juu ulioandikwa siku na jina la mahali. Grupuni kila mtu alijua ni ya leo. Lakini picha hutembea. Wiki iliyofuata jamaa yangu wa kijiji cha pili aliipata kwa mtu aliyeipata kwa mtu, akaamini ni ya siku ile, akashuka pwani na kamba zake za mwani kukuta maji yamejaa.

Anayeyajua maji anaona mara moja kilichotokea. Kila siku maji huchelewa kwa wastani wa dakika 50. Kwa siku saba hiyo ni karibu saa sita, na saa sita ndiyo masafa ya kutoka kupwa hadi kujaa. Picha ya wiki iliyopita haikosei kidogo, inasema kinyume kabisa.

Tangu siku hiyo, kwa picha ya maji navihesabu vitu vitano kabla ya kukata: siku na tarehe, jina la mahali, mchoro, saa za kupwa na kujaa, na vimo vyake pamoja na kipimo, kama ni mita au futi. Kwa risiti ya malipo vitakuwa vyengine, kwa matokeo ya mtihani vyengine. Viandike kwenye karatasi. Kisichokuwemo kwenye orodha kinaweza kukatwa bila huruma: mstari wa juu wenye saa na betri, tangazo la programu, vitufe vya chini.

Tuonyeshe hesabu nzima ya posti moja.

Skrinshoti yangu ni 1080 kwa 2400. Nikihesabu kutoka juu, pikseli 150 za mwanzo ni saa, betri na nafasi tupu. Kutoka 150 hadi 350 ni jina la mahali na tarehe. Kutoka 350 hadi 1150 ni mchoro. Kutoka 1150 hadi 1600 ni jedwali la saa nne na vimo vyake: kujaa mara mbili na kupwa mara mbili, kama ilivyo kawaida ya bahari yetu. Chini ya hapo ni tangazo na vitufe.

Ninachokihitaji basi kinaanza 150 na kumalizia 1600, urefu wa 1450. Posti ya 4:5 kwa upana wa 1080 inanipa 1350. Zimepungua 100.

Wengi wakifika hapa hukata hizo 100 popote, ndivyo nilivyoipoteza tarehe mimi. Njia iliyo salama ni kuacha urefu wote wa 1450 na kuongeza upana badala yake. Kwa 4:5, urefu wa 1450 unataka upana wa 1450 × 4 ÷ 5, sawa na 1160. Ninao 1080, basi naongeza 80 za rangi tupu, 40 kila upande. Rangi naichukua ile ile ya mandharinyuma ya programu, na hapo mtu hawezi kujua kuwa pameongezwa kitu. Mwisho naipunguza yote iwe 1080 kwa 1350.

Hizo pambizo zina faida ya pili. Tangu mwaka 2025 ukurasa wa wasifu wa Instagram unaonyesha vijipicha kwa umbo la 3:4, ambalo ni jembamba kuliko 4:5. Posti ya 1080 kwa 1350 ikionyeshwa hapo inapunguzwa kiasi cha pikseli 34 kila upande. Pambizo zangu baada ya kupunguzwa ni 37. Kinacholiwa ni rangi tupu tu, na hakuna herufi inayoguswa.

Hizo pambizo naziongeza na nini kama sina kompyuta?

Canva inatosha, hata ya simu na bila kulipia. Fungua ukurasa mpya wa ukubwa wa kujichagulia, andika 1080 kwa 1350, upake rangi unayotaka, kisha weka juu yake skrinshoti uliyokwisha kuikata. Ivute kwa pembe mpaka urefu wake ugote juu na chini. Ukimaliza pakua kwa PNG, si JPG, kwa sababu JPG huacha vumbi jepesi pembeni mwa herufi na mistari myembamba.

Mwenye kompyuta na kazi ya kila wiki kama yangu, amri moja ya ImageMagick, chombo cha kompyuta cha kuhariri picha kwa kuandika amri, inafanya yote, maana programu ile ile ya maji kwenye simu ile ile huweka vitu mahali pale pale:

```
magick maji.png -crop 1080x1450+0+150 +repage \
  -background white -gravity center -extent 1160x1450 \
  -resize 1080x1350 maji-posti.png
```

Namba 150 ndiyo sehemu ya kuanzia kukata kutoka juu. Programu ikisasishwa na mpangilio ukabadilika, hiyo ndiyo namba ya kuitazama kwanza.

Kwenye simu, nitajuaje kuwa uwiano umefungwa na sivuti ovyo?

Kwenye iPhone, ukishaingia `Edit` kisha `Crop`, kuna alama ya mistatili juu ya kioo inayofungua orodha ya uwiano. Simu za Android hutafautiana, lakini kitu cha kutafuta ni neno kama `Free` au alama ya mstatili. Ukiibonyeza hutoka 1:1, 4:3, 16:9 na nyenginezo.

Kipimo ni rahisi: shika pembe moja ya fremu uivute. Kama upana na urefu vinakwenda pamoja, umefungwa. Kama upande mmoja unakwenda peke yake, bado uko huru. Na kama 4:5 haimo kwenye orodha ya simu yako, usikadirie kwa jicho. Kata huru kwa kufuata vitu vyako vitano, halafu ukurasa wa 1080 kwa 1350 ukusaidie kupata umbo.

Nilipoiweka kwenye slaidi, picha imekuwa pana na herufi zimenenepa. Nimekata vibaya?

Hukukata, umeivuta. Kukata kunaondoa sehemu ya picha na kuacha iliyobaki kama ilivyo. Kuvuta kunabaki na kila kitu lakini kinapindishwa umbo. Kwenye PowerPoint ukishika kipini cha ubavuni, unavuta; ukishika cha kwenye pembe, umbo linabaki. Kitu cha kutazama ni chochote cha mviringo: alama ya mwezi kwenye programu ya maji ikiwa kama yai, picha imevutwa. Bonyeza picha, nenda `Picture Format`, kisha `Reset Picture & Size`, na uanze upya.

Kukata kwa uwiano ndani ya PowerPoint kuko hapo hapo: `Picture Format`, mshale ulio chini ya `Crop`, `Aspect Ratio`, kisha uchague. 4:5 imo, 16:9 imo.

Basi slaidi ya 16:9 naipataje kutoka kwenye simu iliyosimama?

Usiilazimishe. Mchoro wangu peke yake una urefu wa 800. Kwa 16:9 ungetaka upana wa 1422, na simu ina 1080 tu. Hata ukikata kwa ustadi gani, ama utaukata mchoro au utabaki na nafasi.

Nina njia mbili. Ya kwanza, kama programu inakubali kulala, igeuze simu kabla ya kupiga skrinshoti. Utapata 2400 kwa 1080. Urefu wa 1080 kwa 16:9 unataka upana wa 1920, basi unaondoa 480 kutoka ubavuni, na mara nyingi huko ubavuni ndiko kuliko na tundu la kamera, vitufe na nafasi tupu. Unatoka na slaidi kamili bila kukuza hata pikseli moja. Huu ndio ule uzuri wa kuamua umbo kabla ya kupiga.

Ya pili, kama programu haigeuki, kata mchoro peke yake, 1080 kwa 800, uuweke upande mmoja wa slaidi ya 1920 kwa 1080. Unabaki na 840 upande wa pili. Hapo usibandike jedwali la programu, liandike mwenyewe kwa herufi kubwa.

Na mimi naipenda zaidi hii ya pili, kwa sababu programu inaandika 10:12 na mzee aliyekaa nyuma ya darasa anasoma saa kumi. Siku za bamvua maji yetu hupwa kabisa mnamo saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, na hujaa mnamo saa 10 alfajiri na saa 10 jioni. Mtu akiisoma 10:12 kama saa kumi, anakwenda pwani maji yakiwa juu kabisa. Kwa hiyo naandika: kupwa, saa 4 na dakika 12 asubuhi. Mchoro unaonyesha umbo la siku, maandishi yangu yanataja saa kwa lugha ya waliokaa mbele yangu.

Picha ilikuwa safi kwenye simu, ukutani imekuwa na ukungu. Kwa nini?

Ama umekata kipande kidogo ukakikuza, au picha ilipita WhatsApp kabla ya kukufikia.

Ukikata jedwali peke yake lenye upana wa 540 na kulitandaza kwenye nafasi ya 1080, kila nukta inalazimika kujaza nafasi ya nukta nne. Hakuna kitufe cha kuzirudisha nukta ambazo hazikuwepo. Dawa yake iko mwanzoni: kwenye mipangilio ya simu ongeza ukubwa wa maandishi, kisha ndiyo upige skrinshoti.

Upande wa WhatsApp, picha ya kawaida hubanwa inapotumwa. Mwambie mwenzako akutumie kama `Document`, ndipo faili hufika kama lilivyo. Utajua tafauti kwa kutazama maelezo ya picha: skrinshoti ya simu ya 1080 kwa 2400 ikikufikia na upana ulio chini ya hapo, imeshabanwa, na kuikata wakati huo ni kupunguza kilichokwisha kupungua.

Nilichokikata kimeondoka kweli?

Kwenye PowerPoint, hapana, mpaka ukiondoe mwenyewe. Hili nakusihi ulitilie maanani. Niliwahi kuwatumia wenzangu faili la semina, na ndani yake skrinshoti niliyoikata mstari wa juu. Mmoja akabonyeza picha, akabonyeza `Crop`, na picha nzima ikajitokeza kwa kivuli, pamoja na ujumbe wa ndugu yangu uliokuwa umeingia wakati napiga ile skrinshoti. Alikuwa muungwana akaniambia kwa faragha, na sikuacha kuwaza nani mwengine ameuona.

Bonyeza picha, nenda `Picture Format`, `Compress Pictures`, hakikisha `Delete cropped areas of pictures` imewekewa tiki, kisha uhifadhi faili. Halafu bonyeza `Crop` tena: kama nje ya fremu hakuna kivuli, imeondoka. Kwenye Google Slides mtu yeyote mwenye ruhusa ya kuhariri anaweza kubonyeza `Reset image` na kuiona yote, basi huko weka picha iliyokatwa tangu kwenye simu.

Hata kukata kwenye simu kumewahi kuwa na tundu. Mwaka 2023 iligundulika kwamba kifaa cha kuhariri skrinshoti cha simu za Pixel, na kile cha Windows, vilikuwa vinaacha sehemu ya picha ya zamani ndani ya faili jipya, na wataalamu wakaweza kuirudisha. Vyote vilirekebishwa mwaka huo huo, lakini picha zilizokatwa na kutumwa kabla ya hapo zilibaki na kasoro yake. Kwa jambo la siri kweli, washa hali ya kutosumbuliwa, funga arifa, piga skrinshoti mpya isiyokuwa na hicho kitu tangu mwanzo.

Nataka umbo la duara, kwa picha ya grupu.

Kata mraba kwanza, 1:1, halafu duara linakuja lenyewe, maana WhatsApp na Instagram wanakata pembe wao. Kwenye mraba wa 1080, mraba mkubwa unaoingia ndani ya duara una upana wa kiasi cha 760. Maandishi yote yakae humo katikati. Kwenye PowerPoint chagua kwanza `Aspect Ratio` ya 1:1, ndipo `Crop to Shape` na duara. Ukianza na duara kabla ya mraba utapata yai.

Na stori ya 9:16?

Skrinshoti ya 1080 kwa 2400 inaondoa 480 tu na kuwa 1080 kwa 1920, kwa hivyo ni kazi nyepesi. Cha kuangalia ni kwamba juu pana jina la akaunti na chini pana sehemu ya kujibu. Acha pikseli 250 hivi juu na 340 hivi chini bila maandishi ya maana.

Projekta ya skuli yetu ni ya zamani, inatoa picha ya 4:3. Nikate upya kila kitu?

La. Slaidi ya 16:9 ikionyeshwa kwenye projekta ya 4:3 hutokea mistari myeusi juu na chini, na picha inabaki na umbo lake. Ukiamua kubadilisha, nenda `Design`, kisha `Slide Size`. PowerPoint itakuuliza `Maximize` au `Ensure Fit`. Chagua `Ensure Fit`, ile ya kwanza hukuza vitu mpaka vyengine vikatoka nje ya slaidi.

Tatizo la hizo projekta ni jengine: nyingi zina pikseli 1024 tu kwa upana. Slaidi ya 1920 inapunguzwa hadi karibu nusu yake, na zile namba ndogo zilizo chini ya mchoro zinayeyuka. Fika mapema, washa, tembea hadi kiti cha mwisho usome kimo cha kupwa kutoka huko. Kama husomi, rudi kwenye upande ule wa 840 na uandike namba hiyo kwa mkono wako, kubwa.